Saa mbili ya mama
Leo nimemtumia mteja muhtasari wa kikao chetu cha nyota, na aya ya kwanza ilikuwa kuhusu saa. Alizaliwa Dar es Salaam, katikati ya kipindi cha nyota ya Simba. Mama yake alimwambia "saa mbili asubuhi", naye akaingiza 02:00 kwenye programu ya simu badala ya 08:00. Kurekebisha saa 6 hizo kulihamisha nyota inayochomoza mashariki kutoka Mapacha hadi Mashuke, na nyumba zote, yaani sehemu 12 za ramani ya nyota, zikahama nayo. Jua halikutoka Simba. Miaka miwili amekuwa akisoma maisha yake kwa ramani isiyo yake.

Nikamwandikia kuwa ana miaka 29, na sayari ya Zohali inarudi ilipokuwa alipozaliwa. Kwetu wanajimu ni kipindi cha kupima majukumu. Aliniuliza kama aache kazi. Nilimjibu wazi: ramani haisemi acha wala baki, hesabu akiba yako kwanza. Kuhusu maumivu ya tumbo aliyoyataja, sikuandika tafsiri yoyote. Niliandika: nenda hospitali wiki hii.

Nimemwomba pia atafute saa kamili ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki, maana dakika 4 tu husogeza nyota inayochomoza kwa nyuzi 1 hivi.