Shilingi 270,000 zilizotugombanisha

Kwa miaka 14 nimetunza kadi za wanachama katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tabora mjini. Meneja alipotangaza kwamba hesabu zote zingehamishiwa kwenye programu ya kompyuta, na kwamba kijana aliyeajiriwa karibuni ndiye angeingiza salio za kuanzia, mimi nilichosikia ni kwamba nafasi yangu imepata mrithi.

Sikumpinga waziwazi. Nilidai tu kwamba kadi haziruhusiwi kutoka kabatini, nikawa namnakilia salio kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba sikutaka ajifunze kuzisoma, kwa sababu pembeni mwa kadi huandika kwa penseli marejesho ya wakulima wa tumbaku, ambao hulipa kwa mkupuo wanapopata fedha za mauzo, na penseli hiyo niliiona kuwa ndiyo ngao yangu.

Alipomaliza, jumla ya akiba kwenye programu ilipungua shilingi 270,000 ikilinganishwa na leja kuu. Akasema mbele ya wenzetu, "Mama, hesabu zako zina upungufu." Nikasikia "wizi", neno ambalo hakulitamka, nikamjibu kwamba mashine yake ndiyo iliyozila. Kwa wiki nzima mazungumzo yetu yaliishia kwenye shikamoo na marahaba.

Hatimaye nilimwendea meneja nikamuuliza ni kazi zipi zinaondoka na zipi zinabaki. Hakunificha: kunakili na kujumlisha kutaondoka, na karani mwenzetu anayestaafu hatapata wa kumrithi; kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, pamoja na kusikiliza malalamiko ya wanachama, kutabaki. Jibu halikuwa tamu, ila angalau nilijua ninachokiogopa.

Kesho yake nilimwambia kijana, "Mwanangu, lete karatasi, nami nilete kadi." Nilimwonyesha kwamba 270,000 inagawanyika kwa 9 bila baki, dalili ambayo makarani wa vitabu tunaijua: huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Si uthibitisho, kwani makosa mengine nayo huweza kugawanyika hivyo, lakini hupunguza pa kutafuta. Kwa tofauti ile, tulihitaji salio ambalo tarakimu zake za laki na za makumi elfu zinapishana kwa 3. Hatukufika mbali: kadi ilisomeka 630,000, na karatasi 360,000, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Programu isingeweza kuligundua kosa hilo, kwa kuwa ilijumlisha sawasawa kile ilichopewa.

Wakati wa chai niliwaeleza wenzetu kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha tukarudia kazi yote, mimi nikisoma kadi yenyewe na yeye akiandika, tukisimama kila baada ya kadi 20 kulinganisha jumla. Kwenye kadi ya tatu aliniuliza maana ya maandishi ya penseli, nami nikamweleza.