Neno «ninaomba» katika barua yangu ya kuacha kazi

Mwezi wa Machi 2019 nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi, na nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Mkataba wangu, ulioanza tarehe 14 Januari, ulitaja kwa maandishi kipindi cha majaribio cha miezi sita, ambacho ndicho kirefu kabisa ambacho Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inakiruhusu kwa mfanyakazi mwenye utaalamu. Nilikuwa nimepata nafasi nyingine iliyonitaka Jumatatu ya tarehe 18, na nilijua kwamba aliye katika majaribio anaweza kuondoka kwa taarifa ya siku tatu za kazi. Nilichokuwa sijui ni namna ya kuiandika taarifa yenyewe.

Rasimu yangu ya kwanza niliipeleka Kamalondo kwa baba mdogo, ambaye aliandika barua za ofisi miaka mingi kabla ya kustaafu. Barua za aina hii kwetu huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni maana yake. Nilikuwa nimeanza hivi: «Bwana Mkurugenzi, kwa heshima ninaomba uniruhusu kuacha kazi.» Baba mdogo aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akakata neno «ninaomba» kwa mstari mmoja.

«Mwanangu,» akasema, «anayeomba hungoja jibu. Huyu akikaa kimya wiki mbili, utakwenda wapi?»

Nilimjibu kwamba nilitaka tu kuwa na adabu. Akaniambia kwamba adabu ikae katika salamu na katika shukrani, lakini kitenzi kinachomaliza mkataba kiwe cha kuarifu, kwa sababu kuondoka wakati wa majaribio ni haki ya pande zote mbili na hakuhitaji kibali cha yeyote. Akakata pia aya yangu yote ya pili, ambamo nilikuwa nimelalamikia saa za ziada zisizolipwa. Sheria inamtaka mwajiri ataje sababu anapomwachisha mtu kazi, lakini mfanyakazi anayeondoka mwenyewe halazimiki kutaja yake. Kama nadai, alisema, dai lina barua yake. Ile aya niliipenda, nakiri, na ilinichukua jioni nzima kuiandika.

Kilichobaki kilikuwa sentensi chache tu: «Kwa heshima ninakuarifu kwamba ninamaliza mkataba wangu wa kazi ulioanza tarehe 14 Januari 2019, ambao bado uko katika kipindi cha majaribio. Taarifa ya siku tatu za kazi inaanza kesho, Jumanne tarehe 12 Machi, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Alhamisi tarehe 14 Machi. Niko tayari kukabidhi madaftari na funguo kwa mtu utakayemteua. Ninakushukuru kwa imani uliyonipa.»

Siku zilihesabiwa kuanzia kesho yake kwa sababu siku ya kukabidhi barua haimo katika hesabu. Ningeweza kuitoa Alhamisi iliyotangulia, lakini taarifa ingepita katika Jumamosi na Jumapili. Jumapili ya mapumziko haihesabiwi, na sikutaka kubishana na mtu kuhusu Jumamosi.

Jumatatu asubuhi niliingia na nakala mbili. Katibu alipokea moja, akaiweka chini ya rundo, akaniambia, «Mama, itafika tu.» Nilibaki nimesimama mbele ya meza yake mpaka akapiga muhuri kwenye nakala yangu, akaandika tarehe na saa na kutia saini. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka, ikabidi aupige mara tatu ndipo tarehe ikasomeka.

Mchana Mkurugenzi aliniita. «Ombi lako tutalijadili mwisho wa mwezi,» akasema, bila ukali. Nilimjibu, «Samahani Papa, si ombi, ni taarifa,» nikamwonyesha sentensi ya kwanza. Aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani atashika daftari la mafuta ya malori. Tangu hapo tulizungumza makabidhiano tu. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa amezoea barua zinazoomba.

Alhamisi jioni nilikabidhi funguo mbele ya mfanyakazi mwenzangu, tukatia saini orodha. Sheria inataka fedha zilizobaki zilipwe ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuacha kazi. Mimi niliitwa Ijumaa, nikalipwa siku nilizofanya kazi mwezi huo. Cheti cha kazi ndicho kilichochelewa. Rasimu yake ya kwanza ilisema kwamba niliondoka «kwa ombi langu lililokubaliwa». Nikawarudishia, kwa sababu cheti kinapaswa kutaja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza, si maneno ya kupambia. Cha pili kilikuja kikiwa na tarehe sahihi.