Siku moja maishani mwangu: kuandaa majumuisho ya utetezi katika kesi ya mafunzo ya unyang'anyi

Saa 1 asubuhi. Jalada la kesi ya mafunzo liko mezani, na jioni utetezi una dakika kumi za kusema. Kosa ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo kwa sheria ya Tanzania adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Wakala wa pesa za simu aliporwa saa 2 usiku na vijana wawili wenye panga. Mshtakiwa hakukutwa na fedha, simu wala panga. Kilichomfikisha kizimbani ni macho ya shahidi mmoja asiyemfahamu kabla ya hapo.

Kwanza nasoma mwenendo wa kesi kwa kalamu nyekundu na kupigia mstari yale tu yaliyosemwa kizimbani au kupokewa kama kielelezo. Wanafunzi wengi huangukia hapa. Wananukuu maelezo ya polisi yaliyomo kwenye jalada, kumbe wakati wa maswali ya dodoso hayakuoneshwa kwa shahidi wala kuombwa yapokewe. Majumuisho hayawezi kuingiza ushahidi mpya. Kwa bahati nzuri, katika kesi hii maelezo ya wakala yalipokewa kama kielelezo cha utetezi.

Saa 3. Nafungua Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, uamuzi wa mwaka 1980 wa Mahakama ya Rufani. Humo mahakama ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ndio dhaifu kuliko wote, na usitumike kutia hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Ikataja mambo ya kupima: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga gani, na kama aliwahi kumwona kabla.

Hotuba dhaifu huyapitia yote hayo harakaharaka. Mimi nabaki kwenye mwanga, kwa sababu hapo ndipo kesi inapovuja. Wakala alisema "taa ilikuwa inawaka vizuri". Alipododoswa akakiri kwamba taa ilikuwa moja, ya duka la jirani, hatua kama nane nyuma ya wale vijana. Basi mwanga uliwapiga mgongoni. Uso uliomwelekea wakala ulikuwa kivulini, tena chini ya ukingo wa kofia, na panga lilikuwa kifuani pake. Naandika aya nzima kuhusu mahali ilipokuwa taa. Hakimu anapaswa kuliona duka lile kabla hajasikia jina la kesi yoyote.

Saa 6 mchana. Maelezo ya kwanza, yaliyochukuliwa saa moja baada ya tukio, yanasema: "mmoja mrefu, amevaa kofia". Mahakamani likaongezeka kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kovu ni alama ambayo mtu angeitaja mapema kuliko kofia. Hapa wengi hukimbilia kesi ya Marwa Wangiti Mwita, lakini kesi ile inahusu shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo. Wakala wetu hakumjua mtu huyu, kwa hiyo kumlaumu kwa kutotaja jina ni kumpa mwendesha mashtaka jibu la bure. Kasoro ya kushikilia ni wasifu usiotaja kovu.

Saa 8. Gwaride la utambulisho, ambapo shahidi humchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari. Lilifanyika siku ya kumi na moja baada ya tukio, na shahidi akamgusa mshtakiwa bila kusita. Likisimama peke yake, linatisha. Ila siku mbili kabla yake wakala alimwona mtu huyohuyo amefungwa pingu kwenye korido ya kituo. Kwa hiyo gwaride lilipima kumbukumbu ya korido, halikupima kumbukumbu ya usiku ule. Isitoshe, gwaride ni ushahidi wa kuunga mkono tu, na utambuzi ulioharibika tangu mwanzo hauna cha kuungwa mkono.

Saa 10. Nasoma kwa sauti huku saa ikihesabu. Dakika kumi na tatu. Nakata aya ya mshtakiwa alikuwa wapi usiku ule, kwa kuwa mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia, na kila sentensi inayomtetea hivyo humsukuma hakimu kuuliza mbona hakuleta shahidi. Nakata pia neno "mwongo" kila lilipo. Yule mama aliporwa kweli na anaamini anachosema.

Saa 12 jioni, hakimu wa mafunzo anakatiza: "Wakili, kwa nini shahidi huyu amsingizie mtu asiye na ugomvi naye?"

"Mheshimiwa, hatusemi amemsingizia. Tunasema amekosea kwa nia njema, na kutokuwa na ugomvi naye hakumwongezei mwanga. Kijana anayesimama mbele yako ni mrefu, kama shahidi alivyosema saa moja baada ya tukio. Zaidi ya urefu na kofia, usiku ule hakusema kingine. Tunaomba aachiwe huru."