Simu za bohari zilivyotulia baada ya kuitoa VPN kwenye TCP

Kampuni ninayoihudumia hapa Tanga ina ofisi Chumbageni na bohari Pongwe, kwenye barabara ya kwenda Muheza. Simu zao za mezani zinapita kwenye intaneti, ndani ya VPN inayounganisha sehemu hizo mbili, na kule bohari intaneti yenyewe ni ya laini ya simu. Nilipopewa kazi hiyo malalamiko yalikuwa mamoja tu. Mama anayetunza bohari alinieleza vizuri kuliko chombo chochote cha kupimia: "Mwanangu, sauti inanyamaza kabisa, halafu inarudi mtu keshafika mbali. Idadi ya magunia lazima niulize mara mbili."

Wenzangu walikuwa wameshauri waongeze kasi ya intaneti. Nikapiga hesabu kwanza. Simu hizo zinatumia kodeki ya G.711, ambayo hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikibeba sauti ya milisekunde 20. Ukijumlisha vichwa vya RTP, UDP na IP, unapata kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, na VPN inaongeza kidogo juu yake. Laini ya Pongwe ilikuwa inabeba zaidi ya hapo bila shida, kwa hiyo tatizo halikuwa kasi.

Nikafungua faili la mipangilio ya OpenVPN na kukuta `proto tcp-client`, bandari 443. Aliyeifunga alikuwa na sababu yake: kuna mitandao inayozuia UDP, lakini TCP ya 443 hupita karibu kila mahali kwa kuwa ndiyo inayobeba tovuti. Sauti yenyewe ilikuwa inatoka kwenye simu kama UDP, njia isiyongoja wala kutuma upya kilichopotea, ila ikifika kwenye ruta inafungiwa ndani ya TCP, na kuanzia hapo inafuata sheria za TCP.

Sheria hizo ni nzuri kwa barua pepe na ankara: kila baiti ifike, na zifike kwa mpangilio. Pakiti moja ikipotea njiani, zilizotumwa nyuma yake hufika salama upande wa pili lakini haziruhusiwi kupita. Zinashikiliwa mpaka iliyopotea itumwe upya. Nilitaka kuliona hilo kwa macho, nikatuma ping, pakiti ndogo za kupima muda wa kwenda na kurudi, ndani ya VPN kwa `ping -i 0.2`, yaani pakiti tano kila sekunde. Kila baada ya muda ilitokea sura ya namna hii:

```
icmp_seq=41 time=58.3 ms
icmp_seq=42 time=57.9 ms
icmp_seq=43 time=861 ms
icmp_seq=44 time=660 ms
icmp_seq=45 time=459 ms
icmp_seq=46 time=258 ms
icmp_seq=47 time=59.1 ms
```

Tazama namba zinavyoshuka kwa takriban 200 kila mstari, sawasawa na nafasi iliyopo kati ya ping moja na nyingine. Maana yake zote zilifunguliwa njia kwa wakati mmoja. Ya 43 ilikwama, 44 mpaka 46 zikasimama nyuma yake, kisha zikaachiwa kwa mkupuo. Isipopata dalili ya mapema ya upotevu, Linux husubiri angalau milisekunde 200 kabla ya kutuma upya, na hiyo ya pili nayo ikipotea, muda wa kusubiri unaongezeka mara mbili. Mwisho wa kipimo ping inaandika `0% packet loss`, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Sasa weka simu mahali pa hizo ping. Kukwama kwa milisekunde 800 ni pakiti 40 za sauti. Simu ya mezani ina bafa yake ya kulainisha mwendo, lakini haiwezi kuwa kubwa, kwa sababu mazungumzo yanaanza kugongana ucheleweshaji wa upande mmoja ukipita sana milisekunde 150, kiwango kinachoshauriwa na ITU. Basi pakiti zinazofika zikiwa zimechelewa karibu sekunde nzima zinatupwa na simu yenyewe. Imepotea pakiti moja ya milisekunde 20, ambayo sikio lisingeisikia, na kwa jitihada za kuirudisha zimekufa jirani zake wote. Huo ndio ukimya aliousema mama.

Dawa ilikuwa kubadili pande zote mbili kuwa `proto udp`, bandari 1194. Nikaweka pia `keepalive 10 60`, kwa sababu UDP haina kufungua wala kufunga mazungumzo, na ruta nyingi husahau njia yake kukiwa kimya kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Ukiacha hilo, utaona bohari wanapiga simu vizuri lakini wao hawapigiki.

Nikarudia ping ileile. Mara hii nyakati zilitulia karibu na 58, ila baadhi ya namba za `icmp_seq` hazikuwepo, na chini pakaandikwa 2%. Meneja aliyekuwa pembeni yangu akashtuka. "Fundi, mbona zamani ilikuwa sifuri, leo unatuletea upotevu?" Nikamwambia upotevu ulikuwepo tangu zamani, TCP ilikuwa inaugeuza kuwa ucheleweshaji. Kisha nikampigia mama wa Pongwe nikamwomba asome orodha ya mzigo mwanzo mpaka mwisho. Akaisoma, meneja akawa anaandika, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Tangu hapo kila huduma naipima kwa swali moja: kikichelewa, bado kina kazi? Picha za kamera za ulinzi zilizorekodiwa nimeziacha kwenye TCP, kwa kuwa anayezitazama anaweza kungoja sekunde chache bafa ijae, naye anataka picha kamili. Video za mtandaoni ni hivyohivyo. Ukiona YouTube inapita UDP 443, hiyo ni QUIC, na QUIC hutuma upya yenyewe kilichopotea. Michezo ya mtandaoni iko upande wa simu: mahali alipokuwa adui nusu sekunde iliyopita hapana maana tena, taarifa mpya imeshafika.

Maswali ya majina, yaani DNS, yanatumia UDP kwa sababu tofauti. Swali ni pakiti moja, jibu pakiti moja, na TCP ingeongeza safari nzima ya kwenda na kurudi ya kusalimiana kabla hata hujauliza. Likipotea, kompyuta inauliza tena. Lakini jibu likiwa kubwa mno kwa UDP, seva huweka alama ya kwamba limekatwa, na muulizaji anarudi kwa TCP. Ndiyo maana kwenye fayawoli ya ofisi bandari 53 nimeifungua kwa zote mbili. Ukifungua UDP peke yake, majina mengi yatafunguka na machache yatagoma, na utatafuta kosa siku nzima.

Imebaki mitandao inayozuia UDP. Mhasibu anasafiri na kompyuta yake, kwa hiyo seva inaendesha OpenVPN mbili, na kwake nimeandika hivi:

```
remote 203.0.113.10 1194 udp
remote 203.0.113.10 443 tcp-client
```

Inajaribu ya juu kwanza, ikishindwa inashuka. Akiwa kwenye ya pili, mafaili na mfumo wa hesabu vinaenda sawa, na akitaka kuongea na ofisi anapiga kwa laini yake ya kawaida.