Nilivyoomba marejesho ya boti yafuate msimu wa wageni

Mimi nafanya safari za boti hapa Kilwa Masoko, mkoa wa Lindi, napeleka wageni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Boti ni ya faiba, injini hospawa 40, na injini hiyo pamoja na matengenezo makubwa ya boti nilivichukua kwa mkopo. Taasisi siitaji jina. Nataka kueleza nilivyobadilisha ratiba ya marejesho, kwa sababu najua wenzangu wengi wa pwani hii wanalipa rejesho sawa kila mwezi huku hela zao haziji sawa kila mwezi, na wanaumia kimyakimya.

Ratiba ya zamani ilikuwa 1,100,000 kila mwezi. Agosti nalipa nacheka, ila ikifika Machi mvua imeshika, wageni hakuna, rejesho liko palepale. Mwaka 2023 nilichelewa miezi mitatu mfululizo, kila ukichelewa faini ya asilimia 5 ya rejesho, yaani 55,000, halafu mwezi mmoja nikaenda kukopa kwa watu wa kausha damu ili nilipe mkopo mwingine. Hapo ndo niliona hii haiendi, kwa sababu biashara yenyewe haikuwa na shida, mwisho wa mwaka nilikuwa na faida, ila faida yote inaingia Agosti mpaka Novemba na deni linanidai Aprili.

Februari 2024 deni la msingi lilikuwa limebaki milioni 12 na miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Nikaandika barua ya kuomba miezi minne, Machi mpaka Juni, nisilipe kitu kabisa, halafu nilipe milioni 3 na kitu kila mwezi kuanzia Julai mpaka deni liishe. Afisa mikopo, dada mmoja mtulivu sana, akaisoma akanirudishia. Akaniambia, "Kaka yangu, hapa kwetu ukikaa miezi minne hujaweka kitu mfumo unakuhesabu umechelewa siku 120. Zikipita 90 tu wewe ni mkopo chechefu, na jina likishaenda kwenye taarifa za wakopaji mimi siwezi kukutoa. Niletee ratiba ambayo kila mwezi kuna kitu, hata kidogo, na niletee ushahidi wa hiyo miezi unayosema ni mizuri."

Nikarudi nyumbani, mimi na mama watoto tukakaa na madaftari ya 2022 na 2023, meseji za M-Pesa na taarifa ya akaunti, tukaandika mwezi kwa mwezi. Hapo nikagundua makosa mawili kwenye barua yangu ya kwanza.

Kosa la kwanza niliandika mapato, sikuandika kinachobaki. Chukua safari moja ya Songo Mnara, wageni sita, nimechaji 600,000. Petroli kama 160,000, nahodha na msaidizi 60,000, mwongoza wageni 40,000, chakula 60,000. Kinachobaki mkononi ni 280,000, yaani chini ya nusu, na bado hujaweka akiba ya sevisi ya injini. Sasa mimi kwenye barua nilikuwa naahidi milioni 3 nikiangalia ile 600,000. Ningeweka sahihi nikakwama Julai hiyohiyo, tena mwezi ambao mwenyewe nimesema ni mzuri.

Kosa la pili ndo kubwa zaidi, na nadhani wengi wetu hatulioni. Msimu wa wageni na msimu wa hela ni vitu viwili tofauti. Wageni wangu wengi wanaletwa na maejenti wa Dar, na ejenti analipa siku 30 baada ya invoisi, wengine wanavuta mpaka 40. Mgeni wa Julai hela yake naiona Agosti. Mgeni wa Oktoba, mwezi ambao bahari imetulia na tunajaza boti, hela yake inaingia Novemba wakati wageni wenyewe wameshaanza kupungua. Krismasi hivyohivyo, hela yake ni ya Januari. Halafu Juni na Julai upepo wa kusi unapiga sana, kuna siku Songo Mnara hatuendi kabisa tunaishia Kisiwani ambapo ni karibu, kwahiyo Julai kwa mtu wa mbali ni hai sizoni ila kwangu mfukoni ni mwezi wa kawaida tu. Tukaacha kuandika tarehe ya safari, tukaandika tarehe hela ilipoingia kwenye akaunti, na picha nzima ikasogea mbele mwezi mmoja.

Baada ya kutoa gharama zote, wastani wetu wa miaka miwili ulikuwa hivi: Machi mpaka Juni inabaki kama laki 5 kwa mwezi, nyingi ya hizo ni za wageni wa ndani na kukodishwa boti. Julai 1,600,000. Agosti 3,200,000, Septemba 3,900,000, Oktoba 3,800,000, Novemba milioni 3. Desemba inashuka 1,400,000, Januari inapanda milioni 2, Februari inaanza kukauka.

Nikajiwekea sheria moja, kwamba mwezi wowote rejesho lisivuke theluthi mbili ya kinachobaki, kwa sababu theluthi inayobaki ndo chakula, ada za watoto na sevisi ya boti. Ratiba niliyopeleka mara ya pili ikawa 300,000 kila mwezi Machi mpaka Juni, Julai 900,000, Agosti milioni 2, Septemba na Oktoba 2,500,000 kila mmoja, Novemba milioni 2, Desemba 700,000, Januari 1,200,000, na Februari namalizia kinachobaki. Ile 300,000 sikuitoa hewani. Riba ya mwezi wa kwanza kwenye milioni 12 ni 180,000, kwahiyo 300,000 inameza riba yote na bado inapunguza deni la msingi 120,000. Ukiomba kulipa chini ya riba, deni linakua ukiwa umelala, na hapo huyo afisa hata akikupenda vipi kamati haitakubali.

Bei ya hii kitu lazima uijue kabla hujaomba. Ukichelewesha deni la msingi unakaa na salio kubwa muda mrefu, na riba inahesabiwa juu ya hilo salio. Kwa ratiba ya zamani ningelipa jumla kama 13,200,000. Kwa ratiba mpya ni kama 13,400,000, yaani laki 2 zaidi, na wakanichaji ada ya kubadilisha mkataba asilimia 1 ya salio, 120,000. Jumla 320,000. Nikailinganisha na faini za 2023 pamoja na ile kausha damu, wala haikufikia nusu ya nilichopoteza, nikakubali roho safi.

Nilipeleka vitu vinne kwenye bahasha: barua ya ukurasa mmoja, jedwali la miezi 24, taarifa ya akaunti ambayo kila hela kubwa nimeizungushia na kuandika jina la ejenti, na buking za Agosti mpaka Oktoba zilizokuwa na dipoziti tayari. Zile buking ndo zilimgusa meneja, maana jedwali ni la nyuma ila buking ni ya mbele. Akauliza swali moja tu la maana, "Na msimu ukiharibika?" Nikamwambia tuandike kwamba nikiona buking za Agosti hazijafika nusu ya mwaka jana mpaka tarehe 15 Julai, naenda ofisini mwenyewe kabla ya tarehe ya rejesho. Wakakiweka kipengele hicho. Mdhamini wangu akasaini upya, na mama watoto pia akasaini kwa sababu dhamana ni nyumba.

Sasa sikiliza hapa. Mwezi wa kwanza, Machi, nimelipa 300,000 kama tulivyokubaliana, kesho yake meseji inaingia, unadaiwa 800,000 na faini. Moyo ulishtuka. Kumbe mkataba mpya umesainiwa uko kwenye faili, ila kwenye mfumo wao ratiba ni ileile ya zamani. Nikaenda na nakala yangu yenye mhuri, yule dada akaangalia, akaniambia pole kaka, wakaibadilisha na faini ikafutwa. Kama nisingekuwa na nakala ningeongea mpaka jioni. Ukishasaini, omba wakuprintie ratiba kutoka kwenye mfumo wenyewe, soma tarehe na kiasi cha kila mwezi kabla hujatoka ofisini.

Halafu ikaja Mei. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu. Sisi tulikuwa tumevuta boti juu kabisa karibu na minazi, tukatoa injini tukaipeleka ndani nyumbani, tumelala tunasikiliza mabati. Boti ilipona. Ila mvua ile ilikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, magari yakakwama, na spea za sevisi nilizoagiza, impela na pampu ya mafuta, zikakwama hukohuko. Mwezi ule hela iliyobaki ilikuwa kama laki 2 na nusu, nusu ya wastani. Nikaongezea elfu 50 kutoka akiba nikalipa 300,000 tarehe ileile. Kwa 1,100,000 ningekuwa nimekwisha, na ningeanza msimu na faini tatu mgongoni na boti haina sevisi.

Julai buking zilikuwa sawa kwahiyo sikuhitaji kile kipengele. Shida ilikuja Septemba, ejenti mmoja akachelewa siku 20 na hela yake ndo ilikuwa karibu nusu ya rejesho. Nilikuwa na akiba kidogo ya Agosti nikaziba. Tangu hapo invoisi naituma siku ileile wageni wanashuka kwenye boti pale gatini, sisubiri mwisho wa wiki, na kwa maejenti wapya nachukua nusu kabla.

Oktoba ilikuwa nzuri sana, nikaenda kuuliza kama naweza kulipa zaidi. Wakasema naweza ila niandike kwamba inakwenda kwenye deni la msingi, la sivyo mfumo unaihesabu kama malipo ya mwezi ujao na riba haipungui. Nikaacha, nikaweka hiyo hela kwa ajili ya Machi inayofuata.

Rejesho la mwisho, Februari 2025, lilikuwa 402,026. Nikalipa, nikasubiri pale kwenye benchi mpaka wakanipa barua ya kumaliza deni na hati ya nyumba, nikampigia mama watoto nikiwa bado mlangoni.