Siku moja ya mkufunzi msaidizi: shamba, waya na x iliyofutwa

Mama mwenye nyumba wangu anaamini kazi yangu ni nyepesi. "Si unafundisha hesabu tu, majibu yako nyuma ya kitabu." Mimi ni mkufunzi msaidizi wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mhadhiri anatoa mhadhara, mimi nabaki na semina, mitihani ya majaribio, malalamiko na marundo ya karatasi. Hii ni siku yangu ya Jumatano.

Saa 11 alfajiri. Kuamka, maji ya ndoo, daladala, kusimama Mbagala mpaka mjini huku begi lenye karatasi 143 limenikandamiza kifua.

Saa 2 asubuhi. Semina ya mwaka wa pili, wahandisi watupu. Mada ni kanuni ya mnyororo pale fanksheni inapokuwa na vigeu vingi. Naandika ubaoni: z = x²y, halafu x = s + t na y = st. Swali: s ikisogea kidogo, z inasogea kwa kasi gani?

Nachora mti, nao umepinduliwa, shina likiwa juu. Juu kabisa z. Chini yake matawi mawili, x na y. Kila moja linazaa matawi mawili tena, s na t. Kwenye kila tawi naandika kasi yake. Kisha natafuta kila njia inayotoka z na kuishia kwenye s. Ukishuka njia moja unazidisha, ukimaliza njia zote unajumlisha.

Tuchukue s = 1 na t = 2. Hapo x ni 3 na y ni 2. Tawi la z kwenda x ni 2xy, yaani 12, na la z kwenda y ni x², yaani 9. Tawi la x kwenda s ni 1, la y kwenda s ni t, yaani 2. Njia ya kwanza inatoa 12, ya pili 18, jumla 30.

Dada mmoja wa mbele akauliza kwa nini tunajumlisha. Swali hilo ndilo huwa nalisubiri. Sogeza s kwa 0.01. x inapanda kwa 0.01, nayo inaibeba z kwa 0.12. Wakati huohuo y inapanda kwa 0.02, nayo inaibeba z kwa 0.18. Misukumo yote miwili inafika kwa z pamoja, kwa hiyo z imepanda kwa karibu 0.30. Ukiacha njia moja, ni sawa na kusema msukumo mmoja haukutokea.

Saa 4 mpaka saa 6. Semina ileile kwa kundi la pili, kisha la tatu. Sauti imeanza kukwaruza. Chai na muhogo wa kukaanga, nimesimama.

Saa 7 mchana. Nimekaa nisahihishe, na hapo ndipo siku ilipoharibika.

Alikuja kijana na karatasi ya jaribio la wiki iliyopita. Swali nililitunga mwenyewe. Shamba la mstatili lina urefu x na upana y, linazungushiwa waya wa urefu P, kwa hiyo P = 2x + 2y. Eneo ni A = xy. Sehemu ya kwanza: chora mti. Sehemu ya pili: tafuta ∂A/∂x, yaani kasi ya A x ikisogea kidogo, pale x ni mita 30 na y ni mita 20. Yeye aliandika 20, nikampa sifuri.

"Madamu, eneo ni xy. Badiliko la xy kwa x ni y. y ni 20. Hata mdogo wangu wa kidato cha sita anajua."

Nikamwambia, "Kaka, waya ni mita 100. Ukirefusha shamba, upana unabaki ulivyo?"

"Swali halijaniuliza upana."

Nikachukua karatasi nyuma ya ratiba ya mitihani. Waya uleule, x iwe 31. Basi y inakuwa 19. Eneo lilikuwa 600, sasa ni 589. Shamba limerefuka na eneo limepungua! Jibu haliwezi kuwa 20, kwa maana 20 inasema eneo linapanda.

Akatazama kidogo. "Imepungua 11. Kwenye majibu yako umeandika −10. Kumbe hata wewe umekosea."

Nilivuta pumzi. Hatua ya mita nzima ni kubwa mno, nikamwambia, tupunguze. x iwe 30.1, y iwe 19.9, eneo ni 598.99. Limepungua 1.01 kwa hatua ya 0.1, kasi ni −10.1. Alitaka hatua ndogo zaidi, tukafanya 30.01 mara 19.99, tukapata 599.8999. Kasi ni −10.01. Kikokotoo akashika yeye, maana changu hakukiamini. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wanne.

Ndipo nilipoutazama mti wake vizuri. Chini ya y kulikuwa na alama ya ufutio. Mwanzo alikuwa ameuchora hivi:

```
      A
     / \
    x   y
       / \
      x   P
```

"Hii x ya chini uliifuta?"

"Ilikuwa imejirudia, Madamu. Nikaona nimekosea."

Hapo ndipo alama zake zilipozama. x inaonekana mara mbili kwa sababu inafanya kazi mbili: inaligusa A moja kwa moja, na inaligusa tena kwa kupitia y, kwa kuwa y = P/2 − x. Njia ya kwanza ni y, yaani 20. Njia ya pili ni x mara −1, yaani −30. Jumla −10. Kwenye mti huu hakuna jani la ziada. Ukiona herufi imejirudia, usiifute, ihesabu.

Alinyamaza. Nikadhani yameisha. Kisha akaniuliza taratibu: "Sasa Madamu, umeandika ∂A/∂x. Ni wapi umesema kilichotulizwa ni waya na si upana?"

Nikasoma swali. Nikalisoma tena. Hakuna mahali.

Ile ∂ inasema vingine vyote vimetulia, lakini haitaji ni vipi. Ukituliza y, jibu ni 20: unaongeza waya, shamba linakua. Ukituliza P, jibu ni −10. Herufi zilezile, mashamba mawili tofauti. Watu wa joto na gesi huandika herufi ndogo nje ya mabano, chini, kuonyesha kilichotulizwa. Mimi nilikuwa nimeiona hiyo P kichwani mwangu tu, na nikawaadhibu watu kwa kutokuiona.

Sikutaka kumwambia. Nikamwambia. Akashukuru kwa heshima, akaondoka na tabasamu ambalo bado linaniudhi.

Wale wanne walikuja kwa jambo lilelile.

Jioni sikumbuki saa ngapi nilitoka. Foleni, mvua, begi. Umeme ulikatika nikiwa nimefika karatasi ya sitini na kitu, nikaendelea kwa tochi ya simu. Nimeweka utaratibu mpya: aliyeandika 20 na mti wake ukaonyesha y kama kigeu huru, bila x chini yake, anapata alama zote. Aliyechora mti wenye x mbili kisha akahesabu njia moja anapata alama za mti tu, maana hapo mti wake mwenyewe unampinga.

Mama mwenye nyumba alipita na taa ya chemli, akaniuliza kama bado nafundisha. Zimebaki karatasi 38. Ya kijana wangu nimeiweka ya mwisho: x yake aliifuta, lakini ufutio umeacha alama, na sijui niisome kama ipo au haipo.