Kilo 34 za Mbozi

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa karani wa mahesabu kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Mbozi. Nilidhani kazi ni vitabu na risiti basi. Msimu ukaisha, stoo ikapimwa upya: fungu lililoingia kilo 1,000 likatoka 966. Minong'ono ikaanza, jina la mtunza stoo likawa midomoni mwa watu.

Mzee wetu wa vichanja vya kuanikia kahawa akaniita pembeni: "Mwanangu, ilipoingia unyevu ulikuwa ngapi?" Nikafungua daftari la kipima unyevu. 14. Siku ya kutoka, 11.

Tukakaa na kikokotoo. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 860 za kahawa kavu kabisa, zilizobaki ni maji. Unyevu ukiwa 11, kahawa kavu ni asilimia 89 ya uzito: gawanya 860 kwa 0.89, unapata 966. Maji yalikauka, hakuna mwizi! Ila pengo lingekuwa kilo 80, hapo maji yasingetosha kueleza, na maswali yangebaki.

Tangu hapo kila mzigo naandika uzito na unyevu mstari mmoja. Na kahawa ya asilimia 14 haina haja ya kukaa stoo, inarudi kichanjani kabla haijashika ukungu.

Wenzangu niliosoma nao wananisukuma niende Dar, benki. Mishahara ya huko naijua, msinikumbushe. Lakini miaka kumi ijayo nataka niwe mtu wa ubora wa kahawa anayejua na mahesabu. Mwezi ujao naanza kujifunza kuonja.